Ushahidi wa Picha juu ya Mkoba wa Kughushi



Katika mji wa Parisi, mwaka 1896, Georges Vuitton, mwana na mrithi wa fundi masanduku Louis Vuitton, ambaye alianzisha kazi yake mwaka 1854 na kufariki mwaka 1892, alitoa turubai lenye nakshi mpya ya herufi L na V zilizopandana, zikizungukwa na maua na nyota, rangi ya dhahabu iliyofifia juu ya ardhi ya hudhurungi. Nakshi hiyo haikutungwa kwa ajili ya urembo peke yake. Washindani wa biashara walikuwa wamezoea kuiga kila kilichotoka katika karakana ya baba yake, na hata nakshi ya miraba iliyotangulia mwaka 1888, ambayo ndani yake mlikuwa mmeandikwa kwamba alama ile imesajiliwa, haikuwatia hofu ya kutosha. Kwa hiyo mwana aliona heri atunge nakshi yenye jina la marehemu ndani yake, akitaraji kuwa mwizi ataona haya, au angalau atapata taabu, kuandika jina la mwenziwe juu ya kazi yake mwenyewe. Taraja hilo halikutimia. Nakshi iliyojengwa iwe ngome dhidi ya waghushi ndiyo leo mojawapo ya nakshi zinazoghushiwa kupita kiasi duniani, na nembo iliyokusudiwa kuwa ithibati ndiyo kitu cha kwanza ambacho mghushi hukimudu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndani yake imo kanuni ya mhadhara huu wote. Mtu anayeletewa picha ya mkoba katika simu yake na kuulizwa kama mkoba ule ni wa asili au wa bandia, kwa kawaida huitazama nembo kwanza, akaiona imekaa sawa, akatulia. Naye amekwisha kupotea, maana ametazama mahali ambapo mghushi alitumia juhudi yake yote. Mkaguzi mwenye ujuzi hutafuta pale ambapo mghushi alibana gharama au hakujua desturi ya kazi: jinsi turubai lilivyokatwa, namna uzi ulivyolala, rangi iliyo ukingoni mwa ngozi, metali iliyo chini ya mng'aro, na kitambaa kilicho ndani ambacho muuzaji hakutaka kukionyesha. Tena mkaguzi huyo anakumbuka jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba picha ni shahidi mwenye uwezo wa kukanusha kuliko uwezo wake wa kuthibitisha. Kosa moja lisilo na udhuru latosha kuuangusha mkoba, lakini uzuri wa picha kumi hautoshi kuusimamisha.

Ili tusitangetange, nitashika mkoba mmoja tu, yaani mkoba uitwao Speedy, wa turubai la nakshi niliyoitaja, ambayo wenyewe huiita Monogram. Mkoba huu ulitoka katika miaka ya 1930, nao hufanywa kwa vipimo vinavyotajwa kwa urefu wake katika sentimita, 25, 30, 35 na 40. Umbo lake ni kama pipa fupi lililolazwa, una zipu juu, mikono miwili ya ngozi iliyoviringwa, na kufuli dogo. Nimeuchagua kwa kuwa ni mkoba ulioenea sana sokoni, mpya na mkuukuu, na kwa kuwa usahili wa umbo lake hauachi pahali pengi pa kufichia kosa.

Tuanze na turubai lenyewe. Sura yake isituhadae tukadhani ni ngozi: ni kitambaa kilichopakwa plastiki, kwa ufundi uliotumiwa na nyumba hiyo tangu mwaka 1959, ambao uliwawezesha mafundi kupata kitu laini cha kukunjika badala ya turubai gumu la masanduku. Sasa, katika Speedy wa kawaida, fundi huchukua kipande kimoja kirefu cha turubai, akakishusha upande wa mbele, akakipitisha chini ya kitako, akakipandisha upande wa nyuma, pasipo mshono wowote chini. Natija ya jambo hilo ni ya lazima kama hesabu: ikiwa herufi zimesimama wima upande mmoja, basi upande wa pili, kwa kuwa ni kitambaa kile kile kilichopinduka, herufi zitakuwa kichwa chini miguu juu. Mtu asiyejua huona herufi zilizopinduka akasema, “Hapa pana kosa, mkoba huu ni wa bandia,” hali ukweli ni kinyume. Ni ule mkoba wenye herufi zilizosimama wima pande zote mbili ndio unaostahili kushukiwa, maana ili zisimame pande zote ni lazima vipande viwili vishonwe pamoja kitakoni. Waghushi wengi wa hali ya chini hufanya hivyo kwa sababu mbili: wanadhani mnunuzi atapenda kuona nembo imesimama, na vipande viwili vidogo hupunguza hasara ya kitambaa kuliko kipande kimoja kirefu.

Kwa hiyo picha ya kwanza ya kuomba ni ya upande wa nyuma, na ya pili ni ya kitako, ingawa muuzaji atakuwa tayari zaidi kukupa ya mbele. Katika picha ya mbele yenyewe tazama ulinganifu: nakshi iliyo upande wa kulia ikatike mahali sawa na ilipokatika upande wa kushoto, na mstari wa herufi uende sambamba na zipu, usipande wala kushuka. Lakini hapa pana hadhari. Kamera ya simu ikisogezwa karibu hupindisha mistari iliyo pembezoni, na mkoba mtupu, usiojazwa karatasi ndani, hulegea ukaonekana umekwenda upande. Basi usihukumu ulinganifu kwa picha iliyopigwa kwa mshazari au ya mkoba uliolala. Vivyo hivyo, baadhi ya watu hupiga picha zao mbele ya kioo, na kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, hata herufi L ikaangalia kinyume. Kabla hujasema nembo imeandikwa vibaya, tafuta herufi nyingine katika picha ile ile, uone kama nazo zimegeuka.

Kutoka kwenye turubai twende kwenye ngozi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo msemaji mkweli kuliko wote katika mkoba huu. Mikono, vipande vinavyoishikilia, na utepe unaopita kando ya zipu na pembeni mwa mkoba, vyote hivyo ni ngozi ya ng'ombe iliyodabighiwa kwa dawa za mimea na kuachwa bila kupakwa rangi wala kinga. Ikiwa mpya huwa nyeupe inayokaribia rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Kisha mwanga wa jua, hewa, na mafuta ya mkono wa mwenye mkoba huigeuza taratibu, ikawa ya asali, na baada ya miaka mingi ikawa hudhurungi. Mabadiliko hayo hayaendi sawa kila mahali: mikono, ambapo kiganja hushika kila siku, hukoza kwanza na hukoza zaidi, na sehemu zilizojificha hubaki nyuma. Mghushi anaweza kuchagua ngozi ya asili iliyo nyeupe, anaweza pia kutumia plastiki iliyopakwa rangi ya asali tangu mwanzo, lakini si rahisi kwake kuiga umri. Rangi iliyopakwa kiwandani huwa sawasawa kutoka ncha hadi ncha, wala haina kivuli cha mkono wa mtu.

Kingo za ngozi hiyo nazo zina habari zao. Mahali ngozi ilipokatwa, fundi hupaka rangi nyekundu iliyokoza, inayoelekea rangi ya divai, iliyo nyembamba na laini kwa kuguswa. Katika mikoba mingi ya kughushi rangi hiyo ni nyekundu kali au ya chungwa, imepakwa nene mithili ya rangi ya ukutani, na hupasuka au kumwagikia usoni mwa ngozi. Picha inayoonyesha ukingo wa mkono kwa ubavu, ikiwa imepigwa karibu na dirisha mchana bila taa ya kamera, itakuonyesha jambo hili waziwazi. Lakini picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya manjano haifai kabisa kwa kazi hiyo, maana taa ya manjano huitia asali ngozi nyeupe na kuitia weusi rangi ya ukingo. Njia nyepesi ya kusahihisha ni kumwomba muuzaji aweke karatasi nyeupe kando ya mkoba: karatasi ikionekana ya manjano katika picha, ujue kwamba ngozi nayo imeongezewa umanjano kiasi hicho hicho.

Sasa tuutazame mshono, ambao ndio watu hupenda kuutaja na ndio wengi huutazama visivyo. Uzi wa mkoba huu ni wa rangi ya haradali iliyopoa, si manjano ya kung'aa. Ukiutazama kwa karibu juu ya ngozi utaona kwamba kila mshono mmoja mmoja umelala mshazari kidogo. Hilo lina sababu yake: sindano ya kushonea ngozi haina ncha ya mviringo kama ya kitambaa, bali ina ncha bapa yenye makali inayokata mpasuko mdogo wa mshazari, na uzi ukiingia katika mpasuko huo hulala kwa kuufuata. Mahali uzi ulipolala wima juu ya ngozi, ukaonekana kama mstari ulionyooka wa mashine ya kushonea kanzu, shaka yako imepata haki yake, ingawa haijapata hukumu.

Mahali pa kutazama ni kile kipande cha ngozi kinachoshikilia mkono kwenye mwili wa mkoba. Vipo vinne, viwili mbele na viwili nyuma, na wakaguzi hutaraji kuhesabu mishono mitano katika upande wa juu wa kila kimoja. Hesabu hiyo ni mwanzo mzuri, lakini msiitegemee peke yake, kwa kuwa waghushi nao wanaijua. Jambo lenye uzito zaidi ni kuvilinganisha vyote vinne. Mkono uliozoea kazi moja huacha alama moja: idadi ya mishono, umbali wake kutoka ukingoni, na mahali kona ilipopindia huwa karibu sawa katika vipande vyote. Ukiona kimoja kina mishono mitano na jirani yake kina sita, au mshono umekaribia ukingo upande huu na kuukimbia upande ule, au ncha za uzi zimebaki zikining'inia na kuunguzwa kwa moto hata zikaacha tone jeusi, hapo umepata neno. Wala msidai ukamilifu wa malaika: mkoba wa asili hushonwa na binadamu anayeongoza mashine, na mshono mmoja uliosogea kidogo si jinai. Tofauti ni kwamba hitilafu ya fundi hodari ni ndogo na ya nadra, na hitilafu ya mwenye haraka hujirudia.

Baada ya mshono huja metali. Katika mkoba huu zipu, vipande vinavyoshika mikono, na kufuli, ni vya shaba ya manjano. Shaba ikizeeka hufifia, husawijika, hupata madoa, lakini ikichubuka chini yake ni shaba. Waghushi wengi hutumia metali nyepesi nyeupe iliyochovywa katika rangi ya dhahabu, nayo ikichubuka kwenye kona hutoa weupe kama wa bati. Kwa hiyo usitazame katikati ya kipande ambapo mng'aro bado upo, bali tazama pembe zake: ncha ya kishikio cha zipu, mzingo wa kufuli, na mahali metali inaposuguana na metali. Tazama pia maandishi yaliyochorwa juu yake. Herufi ziwe na kingo kali na kina kilicho sawa, na si herufi zilizomezwa na rangi hata zikaonekana kama zimevimba. Kufuli lina namba, na ufunguo wake hubeba namba ile ile. Muuzaji aliye na kufuli na ufunguo aombwe avipige picha pamoja. Namba zikihitilafiana, yamkini kufuli limebadilishwa tu, kwa maana kufuli hupotea na kununuliwa mbali; hiyo ni sababu ya kuuliza, si sababu ya kukata kauli.

Ndani ya mkoba ndiko mghushi hubana gharama zaidi, maana mnunuzi wa njiani haangalii ndani. Bitana ya Speedy wa Monogram ni kitambaa cha pamba cha hudhurungi, kisicho na mng'aro. Speedy wa miraba ya hudhurungi, uitwao Damier Ebene, una bitana nyekundu, na wa miraba myeupe yenye samawati, uitwao Damier Azur, una bitana ya rangi ya mchanga. Mkoba wa Monogram wa kawaida wenye bitana ya mchanga, au ya kitambaa chenye manyoya kama mahameli, au ya nailoni inayometa, umejishtaki wenyewe, isipokuwa uwe wa toleo maalumu, na hapo muuzaji alitaje toleo hilo kwa jina ili lichunguzwe. Halafu utazame mshono wa mfuko mdogo wa ndani: umenyooka au umekwenda arijojo, na je, bitana imekaa ikiufuata mwili wa mkoba, au imelegea kama mfuko uliotiwa ndani ya mfuko mwingine?

Humo ndani kuna maandishi mawili ambayo ni lazima yapigwe picha. La kwanza ni muhuri uliochomwa kwa moto juu ya ngozi, wenye jina la nyumba, mji wa Parisi, na nchi mkoba ulimofanywa. Nchi hiyo si lazima iwe Ufaransa, kwani nyumba hiyo ina karakana pia Uhispania na Marekani, wala muhuri wa Marekani si dalili ya bandia. Tazama umbo la herufi: O ni ya duara kamili na pana, si yai; mguu wa L ni mfupi; na T mbili za jina la Vuitton zimekaribiana sana. Muhuri wa kweli ni mwembamba, wenye kina cha wastani; muhuri wa kughushi mara nyingi umezama mno hata ngozi ikaungua pembeni, au umechapwa kwa wino juujuu. Muhuri hupigwa picha kwa mwanga unaotoka ubavuni, si wa mbele, ili kina chake kitoe kivuli.

La pili ni ile alama ya tarehe, herufi mbili zikifuatwa na tarakimu nne, ambayo watu huiita namba ya mkoba, ingawa si namba ya pekee kwa kila mkoba bali ni kumbukumbu ya karakana na wakati. Kuisoma kuna kanuni. Kwa mikoba ya kuanzia 1990 hadi 2006, tarakimu ya kwanza na ya tatu zikiunganishwa hutoa mwezi, na ya pili na ya nne hutoa mwaka. Kuanzia 2007 ya kwanza na ya tatu hutoa juma la mwaka badala ya mwezi. Basi 0094 ni mwezi wa 09 wa mwaka 2004, jambo linalowezekana. Lakini 1064 ni mwezi wa 16 wa mwaka huo huo, na mwezi wa kumi na sita haujapata kuandama katika dunia hii. Alama 0998 ni Septemba 1998, nayo inawezekana kwa Speedy wa Monogram, bali haiwezekani kwa Damier Azur, kwa kuwa Azur ilitoka mwaka 2006. Na 1253 ni juma la 15 la mwaka 2023, ambalo halitarajiwi kabisa, maana tangu 2021 nyumba hiyo imeacha alama hizo na kuweka kijisahani cha elektroni ndani ya mkoba, kisichoonekana kwa macho wala kwa picha. Kwa hiyo mkoba wa 2022 usio na alama si wa kulaumiwa kwa sababu hiyo, na ule wenye alama ya mwaka huo ndio wa kulaumiwa.

Hata hivyo nawaomba msiitukuze alama hii kuliko haki yake. Mghushi aliyenunua mkoba mmoja wa asili anaweza kuinakili alama yake juu ya mikoba elfu, na yote ikasomeka vizuri. Alama isiyowezekana hukanusha, alama inayowezekana haithibitishi. Ni kanuni ile ile niliyoitanguliza.

Naomba sasa tuichukue kesi moja tuipitishe hatua kwa hatua. Tuseme binti mmoja ameletewa picha tatu za Speedy 30, na muuzaji, mwanamke mstahiki anayezungumza kwa adabu, amemwandikia: “Mwanangu, nilinunua mkoba huu mwaka 2004, nikautumia kila siku miaka kumi, sasa nimeuchoka.” Picha ya kwanza ni ya mbele: nakshi imelingana, herufi zimesimama, zipu imenyooka. Ya pili ni ya alama ya tarehe, nayo yasomeka 0094, mwezi wa tisa wa 2004, kama alivyosema bibi. Ya tatu ni ya mikono na kishikio cha zipu. Mnunuzi mwepesi angelipa hapo hapo, kwa sababu nembo ni nzuri, alama ni sahihi, na maneno ya muuzaji yameafikiana na alama.

Lakini tuitazame tena picha ya tatu. Mikono ni myeupe, karibu ya maziwa, na utepe wa pembeni ni mweupe vile vile. Ngozi ambayo haikupakwa kinga, iliyoshikwa kila siku miaka kumi, haiwezi kubaki hivyo. Mtetezi atasema mikono yaweza kuwa imebadilishwa, na atasema kweli, kwa kuwa nyumba yenyewe hubadilisha mikono iliyochakaa. Lakini mkoba uliobadilishiwa mikono hubaki na utepe wake wa zamani uliokoza, hata ukaonekana wa rangi mbili, hali huu ni wa rangi moja kote. Mtetezi atarudi na kusema labda mkoba haukutumiwa, ulikaa kabatini. Hapo tunaelekeza kidole kwenye kishikio cha zipu, ambacho kona yake imechubuka na kutoa weupe. Metali inasema mkoba umetumika sana, ngozi inasema haujatumika kabisa, na bibi anasema miaka kumi. Mashahidi watatu hawaafikiani, na weupe wa ile kona peke yake unatosha kuuliza kama hiyo ni shaba kweli.

Binti akaomba, kwa adabu, picha ya upande wa nyuma, ya kitako, na ya bitana. Ikaja ya nyuma peke yake: herufi zimesimama wima, kama za mbele. Ina maana kitako kina mshono, hata kama hakikupigwa picha. Hapo shauri limekwisha, na haikuwa lazima kugusa mkoba wala kuhesabu mshono hata mmoja. Angalieni kwamba kilichouangusha mkoba huu ni kutoafikiana kwa sehemu zake, na hilo ndilo ambalo mghushi hulipata kwa shida zaidi, maana anaweza kununua zipu nzuri, ngozi nzuri na alama nzuri, lakini kuvifanya vyote viwe na umri mmoja na historia moja ni kazi nyingine.

Imebaki kusema mipaka ya elimu hii, maana asiyejua mpaka wa hoja yake humdhulumu mwenziwe. Kuna mikoba ya kughushi ya daraja ya juu, iliyoshonwa juu ya ngozi njema kwa kufuata mkoba wa asili uliofumuliwa mshono mmoja baada ya mwingine, ambayo katika picha haitoi kosa lolote. Hiyo hujulikana, kama inajulikana, mikononi mwa mkaguzi, kwa uzito, kwa harufu, kwa namna zipu inavyokwenda. Tena picha zenyewe huenda si za mkoba unaouzwa, bali zimeibwa kwa muuzaji mwingine mwaminifu. Ndiyo maana ni desturi njema kuomba picha moja yenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe ya leo kando ya muhuri. Na picha inayopitishwa katika mitandao ya ujumbe hubanwa ikapoteza ukali, hata mshono wa mshazari ukaonekana umenyooka. Mwombeni muuzaji aitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kabla hamjaulaumu uzi ambao kosa lake ni la simu.

Kwa sababu hiyo mkaguzi mwadilifu ana kauli mbili tu mbele ya picha. Ya kwanza ni, “Huu si wa asili, na kosa lake ni hili.” Ya pili ni, “Katika picha hizi sikuona la kuukanusha.” Kauli ya tatu, “Huu ni wa asili,” haimo katika uwezo wa picha, na anayeitoa kwa picha peke yake, hasa akitoza ada, amesema zaidi ya alivyoona. Wala asimwite muuzaji mwizi, kwa kuwa wengi wanaouza mikoba ya kughushi waliinunua kwa bei ya mikoba ya asili, nao ni wa kwanza kudhulumiwa.

Nawasihi basi, mabibi na mabwana, kabla ya kutoa fedha kwa mkoba mliouona katika simu tu, ombeni picha sita: upande wa nyuma, kitako, kipande kimoja cha mkono kwa karibu, kishikio cha zipu, muhuri, na bitana pamoja na alama yake ikiwa ni ya kabla ya 2021. Muuzaji mwenye mkoba mkononi huzipiga kwa muda mfupi kuliko muda wa kunywa chai. Akikataa, au akiwaletea tena picha ya mbele iliyo nzuri kuliko ya kwanza, wekeni fedha zenu mfukoni.